Tuzungusheni Matriksi Kabla ya Kukimbilia Polinomia

Swali la thamani za aigeni kwenye mitihani yetu lina sura moja. Unapewa matriksi ya tatu kwa tatu, unatoa lambda kwenye ulalo, unatafuta ditaminanti, unapata polinomia ya kipeo cha tatu. Halafu unajaribu 1, unajaribu 2, unajaribu −1, na mojawapo inakubali. Inakubali kwa sababu aliyetunga swali alianza na majibu, kisha akarudi nyuma kutengeneza matriksi. Wote tunalijua hilo, ndo maana tunajaribu namba ndogo bila hata kufikiri.

Mimi nasema utaratibu huu, peke yake, unatuharibu, hasa sisi wa ualimu. Tunatoka chumba cha mtihani tukiamini kwamba thamani za aigeni ni namba kamili zinazopatikana kwa kubahatisha. Kuna njia nyingine, ya mwaka 1846, ambayo aliitoa Mjerumani Carl Gustav Jacob Jacobi alipokuwa anahangaika na mahesabu ya mabadiliko ya polepole ya mizunguko ya sayari. Haihitaji polinomia wala ditaminanti. Inahitaji kitu tulichokisoma kidato cha nne: kuzungusha pointi kwenye bapa kwa pembe fulani. Hoja yangu ni kwamba njia hii ifundishwe kwa mkono, kwenye matriksi ya tatu kwa tatu, wiki ileile tunayofundishwa polinomia. Na badala ya kuishia kusema tu, hebu tuifanye hapahapa.

Chukua matriksi hii:

```
4  2  0
2  4  1
0  1  3
```

Ni matriksi linganifu, yaani namba za juu ya ulalo zinajirudia chini yake kama kwenye kioo. Namba zake ni ndogo na mwonekano wake ni wa kistaarabu kabisa. Sasa mpeleke mwenzako kwenye njia ya kawaida. Atapata mlinganyo huu:

```
λ³ − 11λ² + 35λ − 32 = 0
```

Ajaribu 1, atapata −7. Ajaribu 2, atapata 2. Ajaribu 4, atapata −4. Ajaribu 8, 16, 32 na hasi zake zote: hakuna hata moja inayokubali, na kwa kuwa majibu ya namba kamili au sehemu lazima yatoke kwenye vigawanyo vya 32, mlango huo umefungwa. Akisema basi atumie fomula ya Cardano ya vipeo vitatu, atakutana na kituko: majibu yote matatu ni namba halisi, lakini fomula itamlazimisha apitie kipeuo cha pili cha namba hasi ndipo afike. Kwa hiyo matriksi ya namba tano tofauti, ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuinakili bila kukosea, inaishinda mbinu pekee tuliyopewa.

Jacobi aliliangalia jambo hili kwa upande mwingine. Kama namba za nje ya ulalo zote zingekuwa sifuri, thamani za aigeni zingekuwa zimekaa wazi kwenye ulalo, unazisoma tu. Tatizo ni zile namba za pembeni. Basi chagua moja, iliyo kubwa kuliko zote ukiacha alama, na uzungushe mihimili miwili inayohusika nayo mpaka iwe sifuri. Kuzungusha mihimili hakubadilishi thamani za aigeni, kunabadilisha tu upande unaoitazamia ile matriksi. Ni sawa na duaradufu iliyochorwa kwa kuinama: ukiigeuza karatasi ikakaa sawa na mihimili, urefu na upana wake ni uleule, ila sasa unaweza kuupima kwa rula.

Tuseme namba tunayotaka kuifuta iko mstari wa p, safu ya q. Hatuhitaji kuitafuta pembe yenyewe. Inatutosha tanjenti yake, tuiite t:

```
τ = (a_pp − a_qq) / (2·a_pq)
t = ±1 / (|τ| + √(τ² + 1))    alama ya τ
c = 1/√(1 + t²),   s = t·c
```

Namba mbili za ulalo zinabadilika kwa namna rahisi mno: a_pp inaongezewa t·a_pq, na a_qq inapunguziwa kiasi hichohicho. Mhimili wa tatu, tuuite r, hauguswi, lakini uhusiano wake na hao wawili unazungushwa:

```
a_pr mpya =  c·a_pr + s·a_qr
a_qr mpya = −s·a_pr + c·a_qr
```

Hiyo ndiyo fomula nzima. Sasa tuanze.

Namba kubwa nje ya ulalo ni 2, kati ya mhimili wa kwanza na wa pili. Namba za ulalo ni 4 na 4, kwa hiyo τ ni sifuri, t ni 1, pembe ni nyuzi 45. Ulalo unakuwa 4 + 2 = 6 na 4 − 2 = 2, wa tatu unabaki 3. Zile namba mbili za mhimili wa tatu, 0 na 1, zinazungushwa kwa nyuzi 45 na zote zinakuwa 0.7071.

```
6       0       0.7071
0       2       0.7071
0.7071  0.7071  3
```

Angalia kona ya juu kulia. Mwanzo palikuwa na sifuri pale, zawadi ya bure, na sasa tumeiharibu! Hapa ndipo wanafunzi wengi wakiiona mara ya kwanza wanaguna. Tumefuta moja, tumezalisha nyingine. Na hatua inayofuata ni mbaya zaidi kwa macho. Zimebaki mbili zinazolingana. Nachukua ile ya mhimili wa pili na wa tatu. Hapo τ ni −0.7071, t ni −0.5176, c ni 0.8881 na s ni −0.4597. Ulalo unabadilika kwa 0.3660:

```
 6       −0.3251   0.6280
−0.3251   1.6340   0
 0.6280   0        3.3660
```

Sifuri tuliyoitolea jasho hatua ya kwanza imerudi ikiwa −0.3251. Mtu aliyefundishwa kuondoa namba kwenye milinganyo kwa kupunguza mstari mmoja kutoka mwingine, ambako sifuri ikishapatikana inabaki, atasema njia hii ni kama kufukuza panya kwenye nyumba ya nyasi: unamtoa huku anaingilia kule. Ni pingamizi la haki, na jibu lake ndilo linalonifanya niipende njia hii.

Usihesabu sifuri. Jumlisha mraba wa kila namba iliyo juu ya ulalo; tuiite jumla hiyo S. Mwanzo S ilikuwa 2² + 0² + 1² = 5. Baada ya mzunguko wa kwanza ni 0.5 + 0.5 = 1. Imepungua kwa 4, ambayo ni mraba wa ile 2 tuliyoifuta, si pungufu wala zaidi. Baada ya mzunguko wa pili, S ni 0.5, imepungua kwa mraba wa 0.7071. Siyo bahati. Rudi kwenye zile fomula mbili za mhimili wa r: jozi (a_pr, a_qr) imezungushwa kama pointi kwenye bapa, na pointi ikizungushwa kuzunguka kitovu, umbali wake haubadiliki. Kwa hiyo mraba wa namba mbili zilizobaki, ukijumlishwa, haupandi wala haushuki. Zinagawana upya kile zilichokuwa nacho. Kilichofutwa kimeondoka moja kwa moja na kuhamia kwenye ulalo. Sifuri ya zamani inaweza kurudi, lakini haiwezi kurudi kwa ukubwa mpya. Inakopa kwa jirani yake.

Na kwenye tatu kwa tatu unaweza kuthibitisha kasi kwa mistari miwili. Baada ya mzunguko wa kwanza daima kuna sifuri moja juu ya ulalo, kwa hiyo zimebaki namba mbili tu. Iliyo kubwa kati yao ina angalau nusu ya S. Ukiifuta hiyo, S inapungua kwa nusu au zaidi. Kila hatua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika uthibitisho huo nyuma ya tiketi ya daladala.

Tuendelee. Kubwa sasa ni 0.6280, kati ya mhimili wa kwanza na wa tatu. Hapa t ni 0.2262, na ulalo unasogea kwa 0.1421 tu:

```
 6.1421  −0.3170   0
−0.3170   1.6340   0.0717
 0        0.0717   3.2240
```

S imeshuka hadi 0.1057. Mzunguko wa nne unafuta −0.3170, t ni −0.0700, ulalo unakuwa 6.1642, 1.6118 na 3.2240, na S inaporomoka hadi 0.0051. Mzunguko wa tano unafuta 0.0715 iliyobaki kati ya wa pili na wa tatu, na tunapata:

```
 6.1642   0.0002  −0.0050
 0.0002   1.6086   0
−0.0050   0        3.2271
```

S sasa ni 0.000025. Angalia mfululizo wake: 5, 1, 0.5, 0.1057, 0.0051, 0.000025. Tuliahidiwa nusu kila hatua, lakini mwishoni tunapata mara ishirini, halafu mara mia mbili. Sababu ni kwamba namba ya pembeni ikishakuwa ndogo, mzunguko unaoifuta unausogeza ulalo kwa kiasi kinachokaribia mraba wa namba hiyo ukigawanya kwa tofauti ya zile mbili za ulalo. Iliyobaki ni 0.0050, mraba wake ni 0.000025, tofauti ni karibu 2.94, mzunguko wa sita utausogeza ulalo kwa kama 0.0000085. Hautagusa desimali ya tatu. Unaweka kalamu chini: thamani za aigeni ni 6.164, 3.227 na 1.609.

Hakiki. Jumla yake ni 11, sawa na jumla ya ulalo wa mwanzo, 4 + 4 + 3. Ukizizidisha unapata 32, ukiacha makombo ya kukadiria, na 32 ndiyo ditaminanti. Na zile pointi tulizojaribu kwenye polinomia zinakubali: ishara inabadilika kati ya 1 na 2, na kati ya 2 na 4, palepale majibu yalipo.

Sasa niseme kwa nini hili ni suala la ualimu. Mwalimu haishi kwa majibu sahihi. Anaishi kwa kusoma makosa ya wengine. Kwenye njia ya polinomia, kosa la alama moja kwenye ditaminanti linazaa mlinganyo mwingine kabisa, na msahihishaji hana pa kushika zaidi ya kufuata mstari kwa mstari. Kwenye njia ya Jacobi kila hatua ina kipimo chake. Tuseme kwenye mzunguko wa pili mwanafunzi ameweka t kuwa chanya badala ya hasi. Akizungusha matriksi nzima kwa pembe hiyo, bila njia ya mkato ya t·a_pq, atapata ulalo wa 6, 2.7887 na 2.2113. Jumla ni 11! Mwalimu anayehakiki kwa jumla ya ulalo tu atampa vema, kwa sababu kuzungusha kwa pembe yoyote, hata isiyo sahihi, hakubadilishi jumla hiyo. Lakini akihesabu S atakuta imepanda kutoka 1 hadi 1.1667 badala ya kushuka hadi 0.5, na namba iliyotakiwa kuwa sifuri imekuwa 0.8165. Kosa limekamatwa, na limekamatwa mahali lilipotokea. Cha kuchekesha ni kwamba mzunguko wa kwanza, wa nyuzi 45, haukamati kosa hilo kabisa: ukikosea alama pale, namba inafutika vilevile, ila 6 na 2 zinabadilishana viti. Kwa hiyo mwalimu anayetunga zoezi lenye namba mbili sawa za ulalo tu, atajidanganya kwamba darasa limeelewa alama.

Kuna mwingine anayekosea kwa kuchagua pembe kubwa. Mlinganyo wa t una majibu mawili, na yote mawili yanafuta namba inayolengwa. Tunachukua lile dogo, linaloweka pembe ndani ya nyuzi 45, kwa sababu lile kubwa linabadilishana nafasi za ulalo na kuzirusharusha namba nyingine kila mara, kiasi kwamba huwezi tena kuona nani anaelekea wapi. Kwa pembe ndogo, ile 6 ilikaa kwenye kiti chake tangu mwanzo: 6, 6.1421, 6.1642. Unaiona ikitulia.

Najua pingamizi za wenzangu. La kwanza: muda. Mizunguko mitano kwa kikokotoo cha mkononi ni kama nusu saa, na mtihani ni wa saa tatu. Sawa, lakini nani kasema mtihani uulize mitano? Ulize miwili, pamoja na S baada ya kila mmoja, na swali la maelezo: kwa nini sifuri imerudi, na kwa nini hilo si tatizo? Hapo utajua nani ameelewa na nani amekariri desa.

La pili: kompyuta haifanyi hivi. Ni kweli kwa sehemu. Matriksi ya mia kwa mia ina jozi 4,950 juu ya ulalo, na kuzipitia zote mara kadhaa ni kazi nzito. Njia ya QR iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kazi ya Francis na ya Kublanovskaya, iliipita kwa kasi. Lakini QR yenyewe nayo imejengwa juu ya mageuzi yasiyobadilisha urefu, wazo lilelile. Na mwaka 1992 Demmel na Veselić walionyesha kwamba kwa matriksi linganifu zenye thamani za aigeni chanya tupu, Jacobi inaweza kuzipata zile ndogo kabisa kwa usahihi zaidi kuliko QR. Polinomia ndiyo ambayo hakuna programu makini inayoitumia kwa kazi hii. Kama hoja ni kufundisha kinachotumika, basi tumekuwa tukifundisha kisichotumika.

La tatu ndilo zito: njia hii ni ya matriksi linganifu tu. Isiyo linganifu ina namba mbili tofauti, a_pq na a_qp, na pembe moja haiwezi kuzifuta zote mbili. Tena thamani zake zinaweza kuwa namba changamano, ambazo mzunguko wa namba halisi hautazifikia kamwe. Kwa hiyo sisemi tuitupe polinomia. Inatoa ufafanuzi unaofanya kazi kwa matriksi yoyote, na kwa mbili kwa mbili ni ya haraka. Nasema isiwe peke yake, na isipewe matriksi linganifu zilizopikwa ili majibu yawe 1, 2 na 3.

Ninachopendekeza kwa kamati ya taaluma ya chama chetu ni kidogo na kinawezekana muhula ujao. Tuombe semina moja, saa mbili, kwa wanafunzi wa ualimu wa hisabati. Kila kundi lipewe matriksi moja linganifu isiyo na majibu ya namba kamili, karatasi, na kikokotoo kimoja. Mmoja azungushe, mwingine ahesabu S, wa tatu ahakiki ulalo, wabadilishane kila hatua. Anayetaka kuanza hata leo usiku hosteli, aichukue ile ya juu kwenye makala hii, ila kwenye mzunguko wa pili achague jozi ya kwanza na ya tatu badala ya niliyochagua mimi. Atapita njia tofauti, sifuri zitamrudia mahali pengine, na bado atafika 6.164, 3.227 na 1.609.